Kuwauliza vijana kuhusu sigara, pombe na bangi kwenye dodoso: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa anayeandaa dodoso la karatasi ambalo wanafunzi wa miaka 13 hadi 17 watalijaza wenyewe darasani bila kuandika majina. Mahojiano ya ana kwa ana nyumbani yana mambo yake, na tutayagusa pale tu inapobidi. Swali la pombe ndilo litakalotumika kama mfano mkuu.

Rasimu yetu ina swali hili: "Je, unatumia pombe au dawa za kulevya? Ndiyo / Hapana." Kuna ubaya gani?

Lisome kama kijana anavyolisoma. Wiki tatu zilizopita alikunywa bia nusu chupa kwenye sherehe. Je, huyo "anatumia"? Kitenzi hicho kinabeba maana ya mazoea, kwa hiyo anaweka alama kwenye "Hapana" na dhamiri yake haimsumbui hata kidogo. Hajadanganya. Swali lenyewe ndilo lililompa mlango wa kutokea. Mwenzake aliyevuta bangi mara moja mwaka juzi naye anajibu "Hapana", na yule anayekunywa kila Jumamosi anaweza kujibu "Ndiyo". Ukihesabu majibu hayo hutajua umepima nini.

Tatizo la pili ni kuweka pombe na dawa za kulevya katika kapu moja. Kijana anayekunywa pombe ambayo kwao si jambo la ajabu hataki kuhesabiwa pamoja na watu wa dawa za kulevya, na jibu rahisi la kujiepusha na kundi hilo ni "Hapana". Tena maneno "dawa za kulevya" ni ya polisi na mabango ya onyo. Yeye anajua bangi, gundi, vidonge. Kila kitu kiulizwe peke yake, kwa jina lake.

La tatu ni "Ndiyo" na "Hapana" zenyewe. Neno "Ndiyo" hapo ni sawa na kukiri kosa. Namba haina uzito huo. Kuweka alama kwenye "siku 1 au 2" ni kutoa taarifa tu.

Basi swali hilo liandikweje?

Tulitengeneze kwa hatua. Kwanza tunachagua kitu kimoja, pombe, na kipindi kimoja chenye mipaka: "Katika siku 30 zilizopita". Usiandike "hivi karibuni" wala "mara kwa mara", kwa sababu kila mtu ana kalenda yake. Hata "mwezi uliopita" huwachanganya wengine: ukiuliza tarehe 20, mmoja atahesabu mwezi mzima uliokwisha na mwingine atahesabu siku 20 za mwezi huu.

Pili tunauliza idadi ya siku badala ya kuuliza kama amefanya au hajafanya. Tatu tunaeleza kinachohesabika, kabla ya swali lenyewe, kwa sentensi fupi: "Maswali yafuatayo ni kuhusu kunywa pombe ya aina yoyote, ikiwemo bia, mvinyo, pombe kali na pombe ya kienyeji. Kuonja kidogo, au pombe iliyotolewa kwenye ibada, hakuhesabiwi." Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, aliyeonja kwenye glasi ya mjomba anabaki njiapanda, na watakaoamua kuihesabu watachanganyika na watakaoamua kuiacha.

Swali linatoka hivi:

"Katika siku 30 zilizopita, ni siku ngapi ulikunywa angalau kinywaji kimoja chenye pombe?"

Machaguo: siku 0, siku 1 au 2, siku 3 hadi 5, siku 6 hadi 9, siku 10 hadi 19, siku 20 hadi 29, siku zote 30.

Mgawanyo huo wa siku umetumika kwa miaka mingi katika uchunguzi wa kimataifa wa afya ya wanafunzi unaoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, maarufu kwa kifupi GSHS. Kuutumia kunakupa faida mbili: umeshajaribiwa katika nchi nyingi, na takwimu zako zitalinganishika na za wengine.

Angalia pia kisichokuwemo. Hakuna "unakiri", hakuna "kujiingiza", hakuna "tabia mbaya", hakuna "mtumiaji". Hata "kulewa" haikutajwa. Ukitaka kujua kuhusu kulewa, uliza baadaye kwa dalili zinazoonekana, kwa mfano kupepesuka au kushindwa kuongea vizuri, kwa sababu kijana wa miaka 14 na wa miaka 17 hawakubaliani kulewa ni nini.

Machaguo ya majibu nayo yanaweza kupotosha?

Ndiyo, na hapa ndipo watu wengi huteleza baada ya kuhangaika sana na maneno ya swali. Kijana akisoma machaguo anajifunza jambo: anadhani la katikati ndilo la watu wa kawaida. Ukiandika "sijanywa, siku 1, siku 2, siku 3 au zaidi", aliyekunywa siku nne anajikuta kwenye chaguo la mwisho kabisa, mahali pa watu walioshindikana, na atavutwa kushuka. Ukiendeleza ngazi hadi siku 30, yule yule anajiona yuko chini na hana cha kuficha.

Dawa hiyo ina madhara yake. Ngazi ndefu kupita kiasi inaweza kumfanya mwingine apandishe idadi ili asionekane mshamba. Kwa pombe na sigara, ngazi inayofika siku 30 inaeleweka kwa sababu wapo wanaofika huko kweli. Kwa kitu adimu, kama kunusa petroli au gundi, ngazi fupi inatosha: kamwe, mara 1 au 2, mara 3 hadi 9, mara 10 au zaidi.

Nimesoma kwamba inafaa kumdhania mtu ameshafanya: "Ulikuwa na umri gani ulipokunywa pombe mara ya kwanza?" Ni halali?

Ni halali kwa sharti moja: chaguo la kwanza kabisa liwe "Sijawahi kunywa pombe", na lionekane kwa ukubwa ule ule wa machaguo mengine. Hapo swali halimtegi mtu. Linamwambia kwamba majibu yote mawili yametarajiwa, na linamwondolea kazi ya kusema "Ndiyo". Umri wa kwanza ni mlango mzuri wa kuingilia kwa sababu unahusu zamani, na mambo ya zamani huuma kidogo kuliko ya Jumamosi iliyopita. Baada yake ndipo ziulizwe siku 30.

Usichukulie umri huo kama kipimo sahihi, lakini. Vijana wakiulizwa tena baada ya mwaka, umri wa "mara ya kwanza" husogea mbele pamoja nao. Tena baadhi ya waliosema wamewahi, safari ya pili husema hawajawahi. Mimi huutumia kama ngazi ya kupandia tu, na katika ripoti naupa nafasi ndogo.

Je, tuanze na maneno ya kumtuliza, kama "Vijana wengi siku hizi hujaribu sigara"?

Kwa watu wazima mbinu hii hutumika, kwa kuwa kwao kinachoogopewa zaidi ni kuficha. Kwa vijana siipendekezi. Kwanza, sentensi hiyo huenda ni uongo mahali unapofanyia utafiti, na dodoso halina ruhusa ya kusambaza habari usizozijua. Pili, kijana anashughulishwa sana na wenzake wanafanya nini. Ukimwambia "wengi", umemwambia jibu la kumfananisha na wengi. Utapata idadi kubwa zaidi, na hutaweza kutenganisha waliotoka mafichoni na waliojipaka rangi. Tatu ni suala la maadili: karatasi yako isimwache mtoto wa miaka 13 akiamini kwamba amechelewa.

Ukihitaji kulainisha, andika pande zote mbili kwa uzito sawa: "Wapo wanafunzi waliowahi kuvuta sigara na wapo ambao hawajawahi. Majibu yote yanatusaidia." Inatosha.

Maswali haya yakae wapi ndani ya dodoso?

Yasikae mwanzo, na yasikae mwisho. Sababu ya mwanzo inajulikana: kijana hajakuzoea na bado anachunguza karatasi hii ni ya nani. Sababu ya mwisho husahaulika. Ukurasa wa mwisho ndio unaobaki juu wakati karatasi zinakusanywa, na ndio jirani anaouona. Aidha, darasani muda huisha, na wanaosoma polepole hawafiki huko. Ukiwapoteza hao hujapoteza watu kwa bahati nasibu.

Chukua dodoso la kurasa sita. Ukurasa wa kwanza una umri, jinsia, kisha usingizi na mlo. Wa pili una michezo, muda wa kutazama simu na safari ya kwenda shule. Kufikia hapo kijana ameshazoea mtindo wa "katika siku 30 zilizopita, ni siku ngapi...", kwa sababu umemuuliza hivyo hivyo kuhusu kula matunda na kukosa usingizi. Ukurasa wa tatu unafungua na sigara, halafu pombe. Wa nne ni bangi, kisha vitu adimu. Kutoka kisichoonewa aibu sana kwenda kinachofichwa zaidi, na muundo wa swali haubadiliki. Kijana anapofika kwenye bangi, mkono wake umeshazoea mwendo. Ukurasa wa tano ni marafiki na maoni. Wa sita unarudi kwenye mambo mepesi: kupiga mswaki, kunawa mikono, matarajio ya masomo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kubadilisha nafasi ya maoni. Waandaaji wengi hupenda kuuliza kwanza, "Unadhani kuvuta bangi kuna hatari kiasi gani?", halafu, "Umewahi kuvuta?" Kijana aliyetoka kuandika kwamba bangi ni hatari sana sasa anatakiwa ajikane ndani ya mstari mmoja. Wengi wataikana bangi. Matendo yatangulie, maoni yafuate. Kwa sababu hiyo hiyo, swali kuhusu elimu ya dawa za kulevya waliyofundishwa shuleni lisitangulie, maana linamkumbusha mwalimu.

Maswali kuhusu marafiki nayo yaje baada ya maswali ya mhusika mwenyewe. Wapo wanaosema yatangulie ili kuvunja barafu. Tatizo ni kwamba jibu la "marafiki zangu wengi wanakunywa" linaburuta jibu linalofuata, ama juu kwa anayetaka kufanana nao, ama chini kwa anayetaka kujitenga nao.

Mtu akijibu "sijawahi", si bora tumwambie aruke hadi swali la 24?

Kwenye karatasi, hapana. Fikiria darasa la wanafunzi 40 wamekaa wawili wawili. Wasiotumia chochote wanaruka kurasa na kuweka kalamu chini. Wanaoendelea kuandika wanajulikana bila mtu kusoma jibu hata moja. Zaidi ya hayo, wanafunzi ni wepesi wa kugundua kwamba "siku 0" huondoa maswali matano, na wapo watakaoandika sifuri kwa uvivu tu. Majaribio ya watafiti wa mbinu za madodoso yameonyesha hivyo: maswali ya mlango, yaani yale yanayouliza kama umewahi, yakichanganywa na ya ufuatiliaji, watu hujifunza kusema hapana; yakiulizwa yote kwanza, wanaosema ndiyo huongezeka.

Suluhisho ni kumpa kila mtu maswali yale yale na kuweka chaguo la asiyehusika katika kila moja. "Katika siku 30 zilizopita, pombe uliyokunywa uliipataje mara nyingi?" Chaguo la kwanza: "Sikunywa pombe katika siku 30 zilizopita." Karatasi inaongezeka urefu kidogo, ila wote wanaandika kwa muda unaolingana. Tena unapata zawadi: aliyesema siku 0 katika swali moja na kusema alinunua dukani katika lingine amejionyesha.

Kwenye kishikwambi kuruka hakuonekani kirahisi, kwa hiyo masharti yanalegea. Lakini hata huko, weka maswali yote ya mlango pamoja kabla ya ufuatiliaji.

Ahadi ya usiri tuiandike kwa urefu gani?

Kwa ufupi, mara moja, na kwa vitu ambavyo kijana anaweza kuvihakiki kwa macho. "Usiandike jina. Mwalimu hatazisoma karatasi hizi. Ukimaliza, tia karatasi yako kwenye bahasha na uifunge mwenyewe." Aya ndefu yenye "usiri wa hali ya juu kabisa" inayorudiwa kila ukurasa humfanya ajiulize kuna nini cha kutisha kiasi hicho. Hilo nalo limejaribiwa: viapo vingi kwa jambo dogo hupunguza utayari wa watu kujibu.

Karatasi yenyewe isikusaliti. Ukiuliza tarehe ya kuzaliwa, mkondo, dini na idadi ya ndugu, msichana pekee wa miaka 17 darasani anajua kwamba ameshaandika jina lake kwa njia nyingine. Uliza umri kwa miaka, jinsia, na uache mengine. Darasa liandikwe juu ya bahasha kubwa na msimamizi. Mwalimu asizunguke katikati ya madawati. Akibaki darasani, akae mbele.

Faragha ina nguvu kuliko maneno matamu. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wavulana wa Marekani wa miaka 15 hadi 19: waliosikiliza maswali kwenye vipokea sauti na kujibu wenyewe kwenye kompyuta waliripoti mambo nyeti zaidi kuliko waliojaza karatasi. Na wanaojibu nyumbani, mzazi akiwa chumba cha pili, huripoti machache kuliko wanaojibu shuleni.

Na wale wanaojisifu?

Wapo, ingawa kwa kawaida ni wachache kuliko wanavyoogopewa. Njia inayojulikana ni kuweka kitu kisichokuwepo kwenye orodha. Uchunguzi wa ESPAD kuhusu pombe na dawa za kulevya kwa wanafunzi, unaofanyika Ulaya tangu 1995, umewahi kuwauliza wanafunzi kuhusu dawa ya kubuni iitwayo "relevin". Anayesema ameitumia anatiliwa shaka. Jina la kubuni lisifanane na la kitu halisi wala na lugha ya mtaani, na uchunguze hilo mapema na vijana wenyewe, vinginevyo utamtupa msema kweli.

Njia ya pili ni kutazama majibu yasiyowezekana kwa pamoja: anayedai ametumia kila kitu kwa siku zote 30, au aliyekunywa mwezi huu lakini "hajawahi" maishani. Amua kanuni ya kuondoa karatasi kabla hujaona matokeo. Kosa moja dogo lisitoshe; mimi hutaka angalau dalili mbili.

Tutajuaje kwamba maneno yetu mapya ni bora?

Anza na vijana wachache, wanane hadi kumi na wawili wa umri tofauti, mmoja mmoja. Usiwaulize wanafanya nini. Waulize wameelewa nini. "Swali hili linauliza nini kwa maneno yako?" "Mtu aliyeonja kidogo angeweka alama wapi?" "Mwanafunzi wa darasa lenu angeona aibu kwenye swali lipi?" Hilo la mwisho linatoa mengi, kwa sababu anaongea juu ya mwingine. Hapo ndipo pia utakapojua majina ya mtaani. Yaweke kama nyongeza baada ya jina la kawaida, si badala yake: lugha ya mtaani huzeeka haraka, na mtu mzima anayejilazimisha kuitumia huchekesha.

Kisha jaribu matoleo mawili, A na B, yakiwa yamepangwa kwa kupishana kwenye rundo ili kila benchi lipate yote mawili. Tuseme kwa mfano tu kwamba A ina maoni kabla ya matendo, B ina matendo kwanza, na kila moja limejazwa na wanafunzi 200. Katika A asilimia 14 wanasema wamekunywa mwezi huu, katika B asilimia 20. Inavutia kushangilia. Lakini kwa idadi hiyo ya watu, tofauti ya pointi 6 ni kama mara 1.6 tu ya kosa lake la kawaida, yaani kiasi ambacho tofauti kama hiyo huyumba kwa bahati nasibu, na bahati peke yake inaweza kuileta. Ongeza madarasa kabla ya kusema neno.

Hata tofauti ikithibitika, usihitimishe kwamba idadi kubwa ndiyo ya kweli. Kwa watu wazima dhana hiyo hupita. Kwa vijana, ongezeko linaweza kutoka kwa wanaojisifu. Tazama limetoka wapi: kama waliosema wametumia dawa ya kubuni wameongezeka pia katika B, una shida. Kama hao hawajabadilika, maswali yaliyoachwa wazi yamepungua na majibu yanayogongana yamepungua, B inastahili kuchukuliwa.